PMP: Hela yako itarudi baada ya miezi mingapi?

Mtoto wa mama yangu mkubwa ni afisa mradi Dodoma. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Mdogo wangu, wewe unasoma mambo ya elimu. Niambie, nichukue PMP au nisichukue?" Alitaka jibu la ndiyo au hapana. Mimi nikamwomba salary slip.

PMP ni cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya Marekani, PMI. Kwa mwenye shahada wanataka uzoefu wa miaka mitatu wa kuongoza miradi, saa 35 za mafunzo, halafu ndipo ufanye mtihani. Kila baada ya miaka mitatu unakihuisha, na hapo pia unalipa. Kaka alishajumlisha mtihani, darasa la jioni, maswali ya mazoezi na bando: shilingi 3,000,000. Mshahara wake kabla ya makato ni 1,300,000, na alitegemea cheti kimwongezee 200,000. Akagawanya, akapata miezi 15. "Mwaka na kidogo tu," akasema.

Kosa la kwanza liko hapo. Hiyo 200,000 haifiki mfukoni. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 20,000. Inabaki 180,000, na kwa kuwa kipato chake kinachotozwa kodi kimeshavuka milioni moja, kila shilingi inayoongezeka inakatwa PAYE asilimia 30: hiyo ni 54,000. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 30,000 nyingine. Anabaki na 96,000. Kweli, ya NSSF ni akiba yake na ya Bodi inapunguza deni lake, kwa hiyo hazijapotea. Lakini haziwezi kulipa ada aliyokopa leo. Ukigawanya 3,000,000 kwa 96,000 unapata miezi 31, bado hujahesabu miezi ya kusoma na ya kusubiri mkataba mpya.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, na ndilo linalowakamata wengi. PMI wenyewe hutoa ripoti za mishahara zinazoonyesha kuwa wenye PMP wanalipwa zaidi ya wasio nayo. Sina ubishi na hilo. Ila kumbuka sharti: huwezi kuipata bila miaka mitatu ya kuongoza miradi. Kwa hiyo kundi la wenye cheti halina kabisa yule aliyeanza kazi juzi, na kundi la wasio nacho linaye. Tofauti ya mishahara yao ni ya cheti na ya uzoefu, zimechanganywa kwenye sufuria moja. Sisi wa ualimu tunalijua hili kwenye tuisheni: wanaofaulu ni wa tuisheni, lakini wengi wao wana wazazi wa kulipia mengine mengi.

Basi nikamuuliza: pale ofisini, mtu wa umri wako kazini, asiye na PMP, aliongezewa ngapi mkataba ulipohuishwa? Akafikiri kidogo. "Jamaa mmoja, 120,000." Kama naye angeipata hiyo bila cheti, basi cha cheti ni 80,000 tu. Baada ya makato inabaki 38,400. Gawanya tena: miezi 78. Miaka sita na nusu, na katikati kuna kuhuisha mara mbili. Kaka alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

Sikumwambia aache. Kwenye miradi ya wafadhili mshahara umeshaandikwa kwenye bajeti, na bosi hata akikupenda hana pa kuchomoa nyongeza. Cheti kinalipa pale kinapokufungulia mlango wa kazi nyingine. Kwa hiyo nilimpa kazi ya wiki mbili: akusanye matangazo ya kazi anazozitaka kweli, atenganishe yanayosema PMP ni lazima na yanayosema ni "sifa ya ziada". Haya ya pili asiyahesabu, maana mara nyingi anachukuliwa mwenye uzoefu.

Alirudi na matangazo 22. Lazima zilikuwa tatu. Moja aliijua mshahara wake kupitia rafiki: 700,000 zaidi ya anachopata. Kwa makato yaleyale inabaki 336,000 kwa mwezi, na ada inarudi ndani ya miezi tisa. Tatizo, tangazo lenyewe linataka miaka mitano ya uzoefu, yeye ana miwili na nusu. Hata PMI wasingempokea sasa hivi.

Ada hajalipa. Amenunua daftari, anaandika kila mradi anaouongoza: tarehe, bajeti, kazi yake ilikuwa nini, na nani anaweza kuthibitisha. Fomu ya maombi itayauliza hayo yote.