Maelekezo ya Maandishi kwa Msaidizi Mpya wa Nyumbani: Mashine ya Kufulia na Mashine ya Kukaushia Nguo

Msaidizi mpya anapoanza kazi, kwa kawaida huoneshwa mashine mara moja tu, asubuhi, wakati mwenye nyumba anajiandaa kutoka. Baada ya hapo hubaki peke yake na mashine mbili zinazotumia umeme mwingi, pengine akiwa na mtoto mdogo anayemfuata kila aendako. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuandaa karatasi moja ya maelekezo ya kubandikwa ukutani, pamoja na sababu za kila agizo lililomo. Mwenye nyumba anayezijua sababu hizo ataweza kumweleza msaidizi wake vizuri, na msaidizi anayezijua hatalazimika kukisia.

Kwanza kagua umeme

Karatasi haiwezi kuponya kosa lililo ukutani. Kabla ya kuandika lolote, mwenye nyumba atazame mashine zake zimechomekwa wapi. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mashine zote mbili kuchomekwa kwenye ekstensheni moja.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye mashine ya kufulia ya wati 2,000 na mashine ya kukaushia ya wati 2,400. Takwimu hizi huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma ya mashine au pembeni mwa mlango. Zikifanya kazi pamoja, huku ya kufulia ikipasha maji moto, jumla ni wati 4,400. Tukigawa kwa volti 230, tunapata takribani ampea 19. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, na ekstensheni ya kawaida, hubeba ampea 13 tu. Waya utapata moto, plagi itaanza kubadilika rangi kuwa kahawia, na mara nyingine itasikika harufu ya plastiki inayoungua. Kwa hiyo kila mashine iwe na soketi yake ukutani, na ekstensheni isitumike kabisa.

Jambo la pili ni waya wa ethi. Mtu akigusa mwili wa mashine na kuhisi vidole vikiwasha au kutekenywa, umeme unavuja na ethi haifanyi kazi. Mashine hiyo isiguswe tena mpaka fundi umeme aikague. Ni vyema msaidizi aelezwe dalili hii kwa maneno haya haya, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni hali ya kawaida ya mashine.

Andika maneno yaliyo kwenye mashine

Vitufe vya mashine nyingi vina maneno ya Kiingereza. Karatasi inayosema "chagua programu ya pamba" haitamsaidia mtu anayetazama kitufe kilichoandikwa COTTON. Andika neno kama linavyosomeka kwenye mashine yenu, kisha utoe maana yake pembeni. Usieleze programu zote kumi na tano. Chagua moja ya nguo za kawaida na moja ya mashuka na taulo, basi. Programu nyingine atajifunza baadaye, akishazoea.

Mashine ya kufulia

Mambo matatu yanatosha. La kwanza ni kiasi cha nguo. Msaidizi mgeni hawezi kukadiria kilo saba kwa macho, lakini anaweza kutumia kiganja: nguo zikishaingia, kiganja kilicholazwa kipenye kati ya nguo na sehemu ya juu ya pipa. Kisipopenya, zipunguzwe. Mashine iliyojazwa kupita kiasi haisuuzi vizuri, hutikisika, na huweza kusogea mpaka ikavuta waya wake au mpira wa maji.

La pili ni sabuni. Mashine yenye mlango wa mbele huhitaji sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine, kwa sababu sabuni ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi ambalo hufurika na kumwagika sakafuni. Sakafu yenye maji karibu na soketi ni hatari ya umeme. Weka kikombe kimoja kidogo cha kupimia, ukichore mstari kwa kalamu isiyofutika mahali sabuni inapopaswa kuishia.

La tatu ni mlango. Mashine ikimaliza, mlango hubaki umefungwa kwa dakika moja au zaidi. Huo si ubovu. Mlango usivutwe kwa nguvu, hasa ikiwa maji bado yanaonekana kwenye kioo, maana yaweza kuwa ya moto. Na kila mara kabla ya kuwasha, mkono upitishwe ndani ya pipa: watoto wadogo hupenda kujificha humo, na paka pia.

Mashine ya kukaushia

Hapa ndipo penye hatari ya moto, na hapa ndipo karatasi inapaswa kusisitiza zaidi.

Nguo zinapozunguka katika hewa ya moto hutoa vumbi la nyuzi, laini kama pamba. Vumbi hilo hunaswa na chujio lililo mlangoni au juu ya mashine. Likijaa, hewa haipiti, joto hupanda, na vumbi lenyewe hushika moto kwa urahisi sana. Chujio lisafishwe kwa mkono kila mara nguo zinapotolewa, si mara moja kwa wiki. Dalili ya njia ya hewa iliyoziba ni nguo kubaki na unyevu baada ya muda wa kawaida kwisha, au mashine kuwa ya moto kuliko ilivyozoeleka. Ikiwa mashine hutoa hewa nje kwa bomba, bomba hilo lisipindwe wala kuzibwa.

Hatari ya pili haijulikani na wengi: mafuta. Tuseme vitambaa vya jikoni vimefuta mafuta ya alizeti yaliyomwagika. Vimefuliwa, vinaonekana safi, lakini mabaki ya mafuta yamo katika nyuzi. Ndani ya mashine ya kukaushia vinapata joto. Kisha vinatolewa vikiwa moto na kurundikwa kapuni. Mafuta yaliyobaki huungana na oksijeni ya hewani, na muungano huo hutoa joto jingine. Katikati ya rundo joto halina pa kutokea, hivyo huzidi kupanda hadi vitambaa vyaweza kuwaka vyenyewe, saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Ndiyo sababu vitambaa vilivyogusa mafuta ya kupikia, petroli, mafuta ya taa au rangi vikaushwe kwenye kamba, juani. Vivyo hivyo mito ya sponji na vitu vya mpira visiingizwe katika mashine hii.

Umeme ukikatika

Mashine ya kukaushia haimalizi kwa joto. Dakika za mwisho huzungusha nguo bila kupasha, ili zipoe. Umeme ukikatika katikati, kipindi hicho cha kupoza hakifiki, na nguo hubaki zimerundikana ndani zikiwa na joto kali. Msaidizi anayesubiri umeme urudi anafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, lakini si salama. Azime swichi ukutani, afungue mlango, atoe nguo zote mara moja na kuzitandaza moja moja. Agizo hilo hilo litumike endapo mashine itasimamishwa kwa sababu nyingine kabla ya kumaliza. Kwa upande wa mashine ya kufulia, atazima swichi ukutani na kuiacha ilivyo mpaka umeme urejee.

Kwa sababu hizo mashine ya kukaushia isiachwe ikifanya kazi wakati watu wote wametoka au wamelala. Agizo hili linamhusu mwenye nyumba pia: asimtume msaidizi dukani wakati mashine inazunguka.

Mfano wa karatasi

Karatasi ifuatayo yaweza kunakiliwa kwa herufi kubwa. Badilisha majina ya vitufe yafanane na ya mashine zenu.

KABLA YA KUWASHA
1. Kausha mikono. Vaa kandambili. Sakafu iwe kavu.
2. Angalia mifuko yote: sarafu, kalamu, kiberiti.
3. Pitisha mkono ndani ya pipa. Mtoto awe mbali na mashine.

KUFUA
4. Weka nguo. Kiganja kipenye juu yake.
5. Weka sabuni ya mashine hadi kwenye mstari wa kikombe.
6. Funga mlango. Zungusha hadi COTTON 40 (nguo za kawaida). Bonyeza START (anza).
7. Ikimaliza, subiri mlango ujifungue. Usiuvute kwa nguvu.

KUKAUSHA
8. Safisha chujio la vumbi la nyuzi. Kila mara.
9. Usiweke vitambaa vya mafuta, mito ya sponji wala vitu vya mpira. Anika nje.
10. Bonyeza START. Usitoke nyumbani, usilale.
11. Acha ijimalizie yenyewe. Toa nguo, zikunje zikiwa zimepoa. Zima swichi ukutani.

UKIONA TATIZO
12. Umeme ukikatika: zima swichi ukutani. Toa nguo kwenye ya kukaushia, uzitandaze.
13. Ukihisi mtekenyo wa umeme, au harufu ya kuungua: usiiguse mashine tena. Zima swichi kuu ya nyumba, kisha piga simu kwa mama au baba.
14. Ukiona moshi au moto: usifungue mlango wa mashine, usimwagie maji. Toa watoto nje, funga mlango wa chumba, piga 114, Zimamoto.

Agizo la mwisho linahitaji maelezo. Mlango wa mashine ukifunguliwa, hewa mpya huingia na kuuchochea moto. Maji nayo hupitisha umeme hadi kwa aliyeyamwaga. Kitu cha kuokoa kwanza ni watu.

Kumfundisha kwa karatasi

Karatasi haitoshi ikiwa imebandikwa tu. Siku ya kwanza mwenye nyumba afue huku msaidizi akitazama. Siku ya pili msaidizi afue mwenyewe akisoma karatasi kwa sauti, na mwenye nyumba anyamaze isipokuwa penye hatari. Asiulizwe "umeelewa?", kwani jibu litakuwa ndiyo kwa heshima. Aulizwe, kwa mfano: "Dada, umeme ukikatika sasa hivi, utafanya nini?" Akijibu kwa kutenda, amejua. Ikiwa hasomi kwa urahisi, kila agizo lichorewe picha, na swichi kuu iwekewe alama nyekundu aliyoigusa mwenyewe.

Hatimaye, aambiwe waziwazi kwamba akizima mashine kwa kuogopa jambo fulani hatakaripiwa, na nguo ikiharibika haitakatwa kwenye mshahara wake. Msaidizi anayehofia kukatwa mshahara atachelewa kuzima swichi, na kuchelewa huko ndiko kunakougeuza moshi kuwa moto.