Shingo Isiyokatika: Mafunzo Niliyopata Kwenye Tepe za Magunia

Gunia la plastiki la kuwekea mahindi au sukari limefumwa kwa tepe nyembamba za polipropilini. Plastiki huyeyushwa, ikatoka kama karatasi pana, ikapozwa kwenye tangi la maji, ikakatwa kwa nyembe kuwa tepe. Kisha tepe hupita ndani ya oveni kati ya rola mbili: rola ya mbele huzunguka haraka mara tano au sita kuliko ya nyuma. Hapo kwenye kuvutwa ndipo tepe inapopata nguvu zake, na hapo ndipo nilipojifunza mengi nikiwa katika chumba cha vipimo vya ubora.

1. Mahali palipo pembamba ndipo palipo imara

Jambo hili huonekana vizuri zaidi kwenye poliethilini ngumu, ile ya madumu. Kata kipande chenye upana wa milimita 10 na unene wa milimita 1, ukichore mistari ya wino kila baada ya milimita 5, ukibane kwenye mashine ya kupimia mvuto, kisha ukivute polepole bila kukipasha moto. Mwanzoni kani hupanda hadi, tuseme, nyutoni 250. Halafu sehemu moja hunywea ghafla, shingo ikatokea, na kani ikashuka hadi 180 hivi. Aliyezoea kuvuta chuma hungoja kipande kikatike papo hapo, kwa kuwa chuma kikishafanya shingo hakina safari ndefu tena.

Plastiki hii haikatiki. Shingo hubaki na wembamba uleule ila huzidi kurefuka, ikiila ile sehemu nene iliyo mabegani mwake, juu na chini. Tazama mistari ya wino: nje ya shingo bado ina milimita 5 kati ya mmoja na mwingine, na ndani ya shingo ina 30. Umbali wa katikati huuoni popote isipokuwa begani, mahali plastiki inapovuka kutoka hali moja kwenda nyingine.

Sasa piga hesabu. Ikiwa urefu umekua mara 6 na ujazo haukubadilika, eneo la mkato limeshuka kutoka milimita za mraba 10 hadi kama 1.67. Kani ni ileile 180 kote. Sehemu nene inabeba nyutoni 18 kwa kila milimita ya mraba, na shingo inabeba karibu 108. Mkazo wa 18 unatosha kuinyoosha plastiki mbichi iliyo begani, lakini 108 hautoshi kuirefusha ile iliyokwisha kuvutwa. Mhandisi Mfaransa Armand Considère aliieleza kanuni inayotawala jambo hili mwaka 1885 akishughulika na chuma: mvuto hutulia pale tu nyenzo inapokakamaa haraka kuliko eneo lake linavyopungua. Chuma hushindwa katika mashindano hayo. Poliethilini hushindwa mwanzoni, kisha huja kushinda.

2. Ukakamavu hutoka kwenye minyororo iliyolala upande mmoja

Plastiki hizi ni fuwele nusunusu. Molekuli zake ni minyororo mirefu sana ya kaboni iliyojikunja na kupangana katika vibamba vyenye unene wa kama nanomita 10, na kati ya kibamba na kibamba kuna tabaka la minyororo iliyojisokota bila mpangilio. Mnyororo mmoja waweza kuanza ndani ya kibamba, ukapita kwenye tabaka hilo, ukaingia kibamba cha pili. Hiyo inayovuka ndiyo ninayoijali kuliko yote, maana ndiyo inayoshikilia tepe nzima.

Ukivuta, tabaka laini hutangulia kunyooka. Kisha vibamba huinama, huteleza, na mwishowe huvunjika kuwa vipande vidogo huku mikunjo ikifunguka. Begani pa shingo ndipo kazi hii hufanyika. Vipande hivyo hujipanga upya katika mstari wa mvuto, vikiunganishwa na minyororo iliyokazwa. Kabla ya hapo kani ilikuwa ikipambana na mvutano hafifu kati ya mnyororo na jirani yake. Sasa inapambana na vifungo vya kaboni kwa kaboni vyenyewe. Mafundo ya minyororo iliyosokotana nayo yamekazika, na ndiyo yanayosema basi.

Julian Hill aliliona hili mwaka 1930 katika maabara ya DuPont kule Delaware, katika kikundi cha Wallace Carothers: uzi wa poliesta uliovutwa ukiwa umekwisha poa ulikuwa imara kuliko ule ambao haukuvutwa. Nailoni ilifuata mwaka 1935. Baadaye, Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra waliyapunguza mafundo kwa kuyeyusha poliethilini ya minyororo mirefu mno katika kimiminika kabla ya kuivuta. Uzi wao ulikubali kuvutwa zaidi ya mara 30.

3. Usivute nusunusu

Kila plastiki, kwa joto lake na kasi yake, ina kiwango chake cha kuvutika. Ikiwa shingo yake hurefuka mara 6, kuziweka rola kwa uwiano wa 4 hakukupi tepe iliyovutwa mara 4. Katika kila sentimita 10 zinazoingia, 6 zitageuka shingo na kutoka zikiwa 36, na 4 zitapita zilivyo. Utapata sentimita 40 za tepe, ambapo sehemu moja katika kila kumi ni nene, laini na imepauka. Fundi wa mashine ya kufumia ndiye wa kwanza kulalamika, kwa sababu sehemu hizo hunyooka zikiwa tayari kwenye kitambaa. Pitisha tepe katikati ya vidole vyako: utasikia vinundu. Dawa ni kuongeza uwiano, au kupandisha joto la oveni ili shingo isiwe na bega kali.

Kumbuka pia kwamba upana na unene hupungua pamoja. Kwa mvuto wa mara 6, upana hubaki kama 0.41 ya ule wa mwanzo. Anayetaka tepe ya milimita 2.5 huweka nyembe zake kwenye 6.1.

4. Kasi huleta joto lake

Kazi ya kuvuta hugeuka joto papo hapo begani. Ukivuta polepole, joto hutawanyika hewani. Ukivuta haraka, shingo hupata moto wa kuhisika kwa kidole, hulainika, na inaweza kukatika kabla haijakakamaa. Kwa hiyo kipimo cha kurefuka kisichotaja kasi mimi sikiamini.

5. Nguvu hizo ni za upande mmoja

Tepe iliyovutwa vizuri huwezi kuikata kwa mikono, lakini ikunje na kuisugua, itachanika kwa urefu kama ukuti wa mnazi. Kati ya mnyororo na mnyororo hakuna kilichoongezeka. Ukizidisha mvuto, tepe hugeuka nyeupe, dalili kwamba matundu madogo yamefunguka ndani, kisha huanza kutoa vumbi na nyuzinyuzi kwenye rola.

Minyororo iliyonyooshwa pia hutaka kurudi kujikunja ikipata joto. Kwa sababu hiyo, baada ya oveni tepe hupitishwa kwenye rola za moto, na rola inayofuata huzungushwa polepole kidogo ili tepe ijirudi asilimia chache ikiwa bado kiwandani. Ili kujua kama hatua hii imefanyika sawasawa, mimi hukata tepe ya urefu unaojulikana, huiacha bila kuibana ndani ya oveni ndogo kwa joto lililopangwa, kisha huipima tena.