Pesa za Apu Yako Google Play: Zinapitia Wapi Kabla Zikufikie?

Wateja wetu wanaotengeneza apu hutuuliza swali moja mara nyingi: "Watu wamenunua apu yangu, mbona sijaona hata shilingi?" Mara nyingi pesa haijapotea. Iko njiani, na njia yenyewe ina vituo. Hebu tuifuate pamoja.

Chukua mfano wa dada mmoja Nakuru mwenye apu ya maswali ya marudio kwa wanafunzi. Mtu hulipa mara moja tu kuifungua yote. Januari ameuza apu za dola 60, ukiondoa kodi anayotozwa mnunuzi.

Kituo cha kwanza: ada ya duka

Google hukata 15% kwa dola milioni 1 za kwanza za mwaka, lakini ni lazima ujiandikishe kwa kiwango hicho ndani ya Play Console. Usipojiandikisha, mauzo ya aina hii hukatwa 30%. Dada yetu alijiandikisha, kwa hivyo anakatwa dola 9 na kubaki na 51.

Kituo cha pili: kiwango cha chini

Malipo ya mwezi hutumwa karibu tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Lakini pesa ikitumwa kwa uhamisho wa benki wa kimataifa, salio lazima lifike dola 100. Dola 51 hazitoshi, kwa hivyo Februari halipwi. Salio linabaki pale pale likimngoja.

Februari anauza za dola 70, zinabaki 59.50. Jumlisha na zile 51, unapata 110.50. Sasa amevuka, na katikati ya Machi pesa inatumwa.

Inaingia benki, si moja kwa moja kwenye simu. Tuseme benki zilizo njiani zinakata dola 10, na siku hiyo dola ni shilingi 129. Atapata shilingi 12,964.50, kisha anaweza kuzihamisha kutoka benki hadi kwa simu. Kwa sababu makato ya benki huwa kila mara pesa inapotumwa, kulipwa kidogo kidogo kunakula faida.

Ukiona Play Console inasema malipo yametumwa lakini benki haina kitu baada ya siku kadhaa, angalia mambo mawili: namba ya SWIFT, na jina. Jina la wasifu wako wa malipo lifanane na jina la akaunti ya benki. "Mama Shiku Apps" upande mmoja na jina la kitambulisho upande mwingine, pesa inaweza kurudishwa.

Kituo cha tatu: fomu ya kodi

Google ni kampuni ya Marekani, kwa hivyo inaweza kukuomba fomu ya W-8BEN. Hii inasema wewe si Mmarekani. Andika jina lako kamili, anwani ya Kenya, na KRA PIN yako kama namba ya kodi ya nchi yako. Pale unapoulizwa kuhusu mkataba wa kodi, usidai nafuu yoyote: Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Fomu hiyo hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioweka sahihi. Uliyoweka sahihi 2025 itaisha 31 Desemba 2028. Weka ukumbusho kwa simu.

Je, nisajili biashara?

Kuna tofauti kubwa hapa. Jina la biashara unalosajili kupitia eCitizen halikutengi na biashara yako. Wewe na biashara ni mtu mmoja, PIN yako ile ile inayoanza na A inatumika, na W-8BEN inabaki.

Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Inapata PIN yake inayoanza na P, akaunti yake ya benki, na fomu yake ni W-8BEN-E. Aina ya wasifu wa malipo haibadilishwi ukishaufungua, kwa hivyo ukihamia kampuni itabidi ufungue mwingine. Amua mapema.

Kwa KRA, mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo ya 3%. Hiyo hutozwa kwa mauzo yote, bila kuondoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Dada yetu bado hajafika huko. Yeye anatangaza mapato yake kwenye ritani ya mwaka, kabla ya 30 Juni, na anaweza kuondoa gharama za kazi kama ada ya Google.

Ndiyo maana tunashauri upakue ripoti ya mapato kila mwezi. Taarifa ya benki inaonyesha zile 12,964.50 tu. Haionyeshi dola 130 ulizouza, wala 19.50 zilizokatwa na duka.