Mafunzo Niliyopata: SQLite Shambani, PostgreSQL Ofisini

Programu yetu ilikuwa ya kupimia vipande vya ardhi vijijini. Mpima huzunguka na kishikwambi, akichukua alama za mipaka na majina ya wamiliki, na mara nyingi hapati mtandao mpaka arudi mjini jioni.

1. Mpima aandike hapo hapo alipo. PostgreSQL hukaa kwenye seva. Mtandao ukikatika, hakuna kusoma wala kuandika. SQLite haina seva. Imo ndani ya programu yenyewe, na data yake hukaa kwenye faili la kishikwambi. Inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, jambo lisilomdhuru mpima aliye peke yake. Vishikwambi vingi vinapomimina data kwa pamoja ofisini, hapo ndipo PostgreSQL inapofaa. Kwa hiyo tulihitaji zote mbili, na kazi ngumu ikawa kuziunganisha.

2. Kitambulisho kizaliwe shambani. Ukitumia namba za mfuatano, kila kishikwambi kitakuwa na kipande namba 1. Seva ikizibadilisha namba hizo, alama za mpaka zilizobeba namba ya zamani zinaweza kuangukia shamba la mtu mwingine. Tulikipa kila kipande UUID kikiwa bado kwenye kishikwambi.

Kuna hatari nyingine. Mpima anatuma vipande arobaini, seva inavihifadhi vyote, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijamfikia. Kishikwambi hakijui kilichotokea, kwa hiyo kinatuma tena. Kupuuza UUID iliyokwisha kupokelewa huzuia marudio, lakini kama mpima alirekebisha jina la mmiliki kabla ya kutuma mara ya pili, seva italitupa rekebisho hilo kimyakimya. Ndiyo maana tunatuma mabadiliko, kila badiliko na UUID yake:

```sql
INSERT INTO badiliko (id, kipande_id, safu, thamani)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Likirudiwa, linapuuzwa; likiwa jipya, linaingia. Na wapima wawili wakileta vipimo tofauti vya mpaka mmoja, vyote viwili vinabaki, na majirani wanaitwa kwenye alama yenyewe waamue. Nashikilia sana hili: seva isimchagulie mtu mpaka wa shamba lake kwa kuangalia nani katuma mwisho.

3. Nakala ya faili moja haitoshi. SQLite ikiwa katika hali ya WAL, maandishi mapya hukaa kwanza kwenye faili la pembeni, `vipimo.db-wal`. Anayenakili `vipimo.db` peke yake anaweza kupata nakala inayofunguka bila kulalamika, ila kazi ya karibuni haimo. Utaligundua hilo kwa kulinganisha idadi ya rekodi na ile ya kishikwambi. Kuanzia toleo 3.27 la mwaka 2019, amri hii inatoa nakala kamili:

```sql
VACUUM INTO 'nakala.db';
```

Vishikwambi vya zamani vina SQLite isiyoijua amri hiyo. Kwa hivyo, endesha kwanza `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);`, hakikisha tarakimu ya kwanza ya jibu ni 0, funga hifadhidata, kisha nakili.