Dawa Mpya, Usingizi wa Asubuhi na Barua kwa Meneja: Mafunzo Niliyopata

Ninafanya kazi katika yadi ya malori hapa Salgaa. Saa kumi na mbili asubuhi hurudisha trela nyuma hadi kwenye shimo la ukaguzi, kisha huingia chini kuangalia breki. Kliniki ilinipa amitriptilini, miligramu 25 kila usiku, kwa maumivu ya mshipa wa mguu. Siku ya nne nilisinzia nikiwa kwenye usukani, na utingo aliyekuwa nyuma akaruka kando. Hakuumia.

1. Ulegevu ule una saa zake, nazo ndizo za kuandika.

Nilidhani nimechoka tu. Kwa siku tatu nikaandika saa ya kumeza dawa, saa ya kuamka na saa ambayo kichwa kilikuwa chepesi. Nilikuwa nikimeza saa tano usiku, na uzito ulinitoka kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo sikuwa mgonjwa wa siku nzima, na sikuhitaji kuomba likizo. Nilihitaji muda wa saa nne tu.

2. Omba kazi mahususi, na useme hadi lini.

Barua yangu ilikuwa hivi:

“Bwana Meneja, nimeanza dawa ambayo, kwa maelezo ya daktari, huleta usingizi hadi asubuhi. Jumanne nilisinzia nikirudisha trela. Naomba, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, nisiendeshe gari, nisitumie jeki wala kuingia shimoni. Saa hizo naweza kuandika malori langoni au kutoa vipuri stoo. Baada ya saa nne nitaendelea na ukaguzi, iwapo niko macho kabisa. Narudi kliniki baada ya wiki mbili, nami nitakuletea taarifa. Nimeambatisha barua ya daktari.”

Jina la ugonjwa sikuliandika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na meneja alihitaji kujua hatari tu. Tukio la Jumanne sikulificha, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake. Tena hatari haiishii yadini: malori ninayokagua breki zake huteremka mteremko wa Sachangwan. Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, watu 36 walikufa katika ajali alfajiri ya Desemba 31, 2017.

3. Usiiache dawa ili uokoe kazi.

Nilikaribia kuitupa. Daktari alinikataza kuikatiza ghafla, akanisogeza hadi saa mbili usiku, akanionya kuhusu pombe na dawa za mafua zinazoleta usingizi. Wiki mbili zilipokwisha alinishusha hadi miligramu 10.

Meneja alinipeleka langoni siku ileile nilipompa barua. Wewe uliyepewa dawa mpya na unashika usukani alfajiri, muulize mtoa dawa kabla hujaondoka dirishani: itaniachia saa ngapi?