Mafunzo Niliyopata kwa Picha Moja ya Lebo ya Dawa

Mama yangu anaugua neva ya uso. Maumivu humpiga shavu la kulia kama umeme, na kuna siku hata upepo wa asubuhi humtoa machozi. Daktari wa hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisii alimwandikia karbamazepini ya miligramu 200, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vilipobaki vidonge sita, nilizunguka maduka mawili ya dawa pale Keroka nikaambiwa imekwisha. Nikaipiga picha chupa, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Nani anajua duka lenye dawa hii?" Kundi lina watu zaidi ya 140, naye mama mwenyewe yumo. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kwetu, jina na kijiji ni anwani kamili

Nilidhani nimetuma jina la dawa. Niliporudi kuisoma ile lebo nilikuta majina matatu ya mama, umri wake, nambari yake ya mgonjwa, kijiji chetu upande wa Nyamira, jina la dawa na kipimo chake, jina la daktari, na tarehe aliyopewa. Mjini mtu akijua jina lako na mtaa wako bado atatafuta nyumba. Huku kwetu, sanduku la posta lenye 40500 halimfikishi mgeni popote, lakini akimtajia mwendesha bodaboda jina la mama na kijiji, atashushwa mlangoni.

Nami sikuwajua wote waliokuwa kwenye kundi. Wengine waliingizwa wakati wa mchango wa matanga miaka mitatu iliyopita, na hakuna aliyewahi kuwatoa. Kwa kuwa mama yumo kwenye orodha, nambari yake ya simu ilikuwa wazi kwa kila mmoja wao. Lebo ilikuwa na jina, na kundi likatoa simu.

2. Watu husoma jina la dawa kama jina la ugonjwa

Shangazi mmoja alilitafuta jina la dawa mtandaoni na jibu la kwanza lilikuwa kifafa. Alikuwa na nia njema. Alimweleza jirani ili wamwangalie mama, na jirani akamweleza mwingine. Sabato iliyofuata, mama alivutwa kando baada ya ibada akashauriwa asikae karibu na moto na asiende mtoni peke yake.

Mama hana kifafa. Karbamazepini hutibu kifafa, ni kweli, lakini pia ndiyo dawa ambayo madaktari huanza nayo kwa maumivu ya neva ya uso. Lebo hutaja dawa bila kutaja sababu, na nafasi hiyo iliyoachwa wazi hujazwa na uvumi. Ilibidi mama aanze kueleza maradhi yake halisi ili kukanusha yale ya kuzushwa, na hakutaka kueleza lolote kati ya hayo mawili.

3. Jina la daktari ndilo lililomfungulia tapeli mlango

Siku ya nne mama alipigiwa simu na mtu aliyemsalimu kwa Ekegusii. Alijitambulisha kuwa msaidizi wa daktari, akamtaja daktari kwa jina, akataja dawa, miligramu na tarehe ya mwisho mama alipohudumiwa. Akasema dawa imefika ikiwa chache, na angemwekea akituma shilingi 2,850. Mama alituma. M-Pesa ilimwonyesha jina la mtu kabla ya kukamilisha, lakini kwa kuwa mpigaji aliyajua yote, alidhani ni la karani.

Jioni aliniuliza, "Mwanangu, hizo dawa zitaletwa saa ngapi?" Tukautuma ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya kuomba pesa zirudishwe. Zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Kila alichokisema yule mtu kilikuwa kwenye picha yangu. Tangu hapo tuna kanuni moja nyumbani: anayejua habari za ugonjwa wako hajathibitisha kuwa anatoka hospitali. Mama hukata simu, kisha hupiga nambari iliyo kwenye kadi yake ya kliniki. Na pesa za dawa hatuzitumi kwa nambari ya mtu binafsi, hata aliyepiga awe na maelezo mengi namna gani.

Karatasi ya daktari ina hatari zaidi ya lebo, kwa sababu ina sahihi na mhuri. Picha yake safi humpa mtu kielelezo cha kughushi cheti cha dawa zinazodhibitiwa, na jina litakaloulizwa kwanza ni la daktari wako.

4. Kufuta hakurudishi kilichotoka

Nilijaribu kuifuta picha kwa kila mtu usiku uleule wa wizi. WhatsApp huruhusu hivyo kwa siku mbili na ushei tu, na siku zangu zilikuwa zimepita: ikafutika kwenye simu yangu peke yake. Hata ningewahi, nakala zilizokwisha kupelekwa kwenye makundi mengine nisingezifikia. Binamu yangu aliikuta kwenye kundi la wakulima wa chai, mahali ambapo simjui mtu.

5. Sheria ipo, lakini haikuandikiwa kosa langu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Hospitali au duka la dawa likianika lebo yako, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini sheria hiyohiyo inawaacha nje watu wanaotumia data kwa mambo yao binafsi au ya nyumbani. Mwana anayeuliza dawa kwenye kundi la ukoo hafanani na hospitali mbele ya sheria hiyo. Aliyetuibia ametenda jinai, naam. Mimi niliyempa funguo sina wa kunishtaki ila mama.

6. Duka linahitaji maneno machache tu

Mara ya pili dawa ilipoadimika niliandika hivi, bila picha: "Natafuta Carbamazepine 200 mg, vidonge vya kawaida, si vile vya kutoa dawa polepole. Vidonge 60." Aina hizo mbili hazibadilishwi kiholela, kwa hiyo neno hilo ni la lazima. Jina la mgonjwa, kijiji na daktari havimsaidii mtu kujua kama dawa ipo rafuni. Mfamasia akitaka kuona cheti, na ana haki ya kukitaka, mpelekee mkononi au mtumie yeye peke yake.

Ikibidi kupiga picha, funika kwa karatasi maandishi yote ila jina la dawa na kipimo kabla ya kupiga, pamoja na msimbo wa mistari. Nilijaribu kupaka wino kwenye simu baadaye. Kalamu niliyochagua ilikuwa ile ya kung'arisha maandishi, na binamu yangu alipoongeza mwanga wa picha, jina la mama likasomeka lote.

Ujumbe wangu wa pili ulijibiwa baada ya nusu saa. Dawa ilikuwa katika duka moja mjini Kisii, na aliyenielekeza hajui hadi leo ni nani anayeimeza.