Mzee Asiyeona Haitikii Salamu Yangu

SWALI: Nina duka Ntinda, kando ya steji ya bodaboda. Kila asubuhi hupita mzee jirani yetu, haoni, ana fimbo nyeupe. Mimi hupiga goti kama tulivyolelewa Buganda na kumwamkia, “Wasuze otya, ssebo?” Siku nyingine hupita kimya, siku nyingine hugeukia upande usio wangu. Juzi tulikuwa tukizungumza, mteja akaniita, nikaingia ndani. Nilipotoka nilimkuta bado anaongea peke yake, watoto wakimcheka. Sasa amenuna. Nimemkosea wapi?
— Nakato, Ntinda

JIBU: Uwezekano mkubwa ni kwamba mzee huyo hamdharau Nakato. Hajui tu kwamba salamu ile ni yake. Asubuhi pale stejini makondakta wanaita abiria, bodaboda zinanguruma, na neno “ssebo” linamfaa kila mwanamume aliye barabarani. Mwenye macho huona ametazamwa, akaitika. Asiyeona hana ishara hiyo, na aliyewahi kuitikia salamu ya mtu mwingine mbele za watu hujifunza kunyamaza.

Kwa hiyo salamu ianze kwa jina la mzee, kisha jina la anayemwamkia. Hapo pana kikwazo kidogo cha Kiganda: Nakato ni jina la kila pacha wa kike aliyezaliwa wa pili, na Kampala imejaa akina Nakato. Jina peke yake halitoshi. “Nakato wa dukani, karibu na steji” linatosha. Kinachochosha ni lile swali la “Unanijua mimi ni nani?” Linamgeuza mzee kuwa mtahiniwa katikati ya barabara, tena mbele ya wapita njia.

Baada ya jina, mahali. Masikio hutambua upande wa sauti kwa sababu sauti ya kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi. Sauti iliyo mbele hasa au nyuma hasa huyafikia yote mawili kwa pamoja, na hapo ni rahisi kukosea. Kelele za pikipiki huzidisha utata. Ndiyo maana mzee hugeukia kusiko.

Goti nalo lina sehemu yake. Heshima hiyo haina mlio, na mzee anayetarajia sauti usawa wa uso wake huisikia ikitoka chini, karibu na fimbo. Nakato hana haja ya kuacha mila yake. Akishamwita mzee kwa jina, aitamke tu: “Wasuze otya, ssebo? Ni Nakato wa dukani. Niko kulia kwako, nimepiga goti hapa mlangoni.” Awe hatua mbili hivi kutoka kwake na atumie sauti ya kawaida, kwani mzee si kiziwi. Akitaka kumpa mkono, aseme, “Nakupa mkono,” na kumgusa kidogo nyuma ya kiganja. Fimbo asiishike kamwe: ndiyo inayompa mzee habari za njia.

Upo wakati wa kutomwamkia kabisa. Mzee akiwa amesimama ukingoni mwa barabara, kichwa kimetulia, anasikiliza magari ili avuke. Salamu wakati huo humpotezea hesabu. Asubiriwe afike ng’ambo, au aulizwe kwa kifupi kama anataka mtu wa kuvuka naye.

Kosa lililomuumiza zaidi ni la mwisho. Nakato alipoingia dukani hakusikika akiondoka, kwa sababu nyayo zake zilimezwa na kelele za steji. Kwa mzee, msikilizaji alikuwa bado yupo. Kicheko cha watoto ndicho kilichompa habari, na hiyo ni aibu nzito kwa mtu mzima. Ilitosha kusema, “Mzee, mteja ananiita, naingia ndani, sirudi sasa hivi,” kisha kungoja aitikie kabla ya kuondoka. Kama anarudi baada ya dakika moja, aseme hivyo, na akirudi aseme, “Nimerudi, ni Nakato.” Mtu mwingine akijiunga na maongezi, naye ajitaje, akiondoka, aage kwa sauti.

Kesho asubuhi Nakato amwite mzee kwa jina, ajitaje, aseme aliposimama, kisha aombe radhi kwa jambo lenyewe: “Juzi niliondoka bila kukuaga, ukabaki unaongea. Nisamehe.” Watoto waliocheka nao wafundishwe kumwamkia kwa kutaja majina yao. Na kama kuna bodaboda iliyoegeshwa mbele ya duka siku hiyo, amwambie iko upande gani kabla hajamuaga.